Usibandike Mtaa wa Uongo Kwenye Kioo

Kuna kosa moja linalotendeka kila siku katika studio za picha hapa Kampala, na wanaolitenda hujiona mafundi. Mteja analeta picha ya duka lake. Dirisha la duka lina kioo chenye ufa. Fundi anafungua kompyuta, ananakili kioo kizima kilicho jirani, anakibandika juu ya kile kilichopasuka, kisha anapokea pesa yake. Kazi imechukua dakika kumi. Mimi nasema kazi hiyo ni mbovu, na yeyote anayeitetea hajawahi kukitazama kioo kwa makini.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuwa mmoja wao. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na siku za Jumamosi hufanya kazi ya kusafisha picha katika studio ndogo ili nipate nauli na pesa ya chakula. Mwaka jana mama mmoja, fundi wa kushona nguo eneo la Wandegeya, alitaka picha ya duka lake kwa ajili ya kalenda atakayowagawia wateja. Dirisha lake la mbele lina vioo vitatu vilivyosimama bega kwa bega. Jiwe lililorushwa na gurudumu la gari lilikuwa limepiga kioo cha kati. Nyufa tano zilitoka pale jiwe lilipogonga, na kipande kimoja cha pembe tatu, kikubwa kama kiganja cha mtu mzima, kilikuwa kimeanguka kabisa. Kioo kipya kilikuwa kimeshaagizwa na kulipiwa, lakini mchapishaji wa kalenda hakuweza kungoja.

Bosi alinielekeza njia ya mkato: nakili kioo cha kushoto, kigeuze kushoto kwenda kulia ili kisifanane sana na mwenzake, kibandike katikati. Nikafanya hivyo. Mama fundi alipokuja kuchukua picha alifurahi, lakini alikuwa amefuatana na mwanawe wa darasa la pili. Mtoto akasogeza uso karibu na kompyuta, akasema, "Mama, mbona hapa naweza kusoma duka la dawa na pale siwezi?" Halafu akaongeza, "Na huyu mtu wa mwavuli mwekundu ni pacha?"

Sikuwa na la kujibu. Mtoto wa miaka minane alikuwa ameona kwa nukta chache kile ambacho mimi na bosi wangu hatukukiona kwa saa nzima.

Wapo wanaosema kwamba yule mtoto ni wa pekee, kwamba watu wa kawaida hutazama nguo, rangi ya ukuta na jina la duka, na hakuna anayetazama mtaa unaoonekana ndani ya kioo. Nakubali kwamba wengi hawautazami kwa makusudi. Lakini jicho linaupokea hata kama mwenye jicho hajui. Mteja atakwambia tu, "Picha ni nzuri, lakini kuna kitu sijakielewa." Kitu hicho ni kioo. Sisi tunaojifunza Kiswahili tunajua kwamba lugha hii inatumia neno hilohilo kwa kioo cha dirisha na kioo cha kujitazamia. Haikukosea, maana kioo cha dirisha hufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Unapotazama dirisha la duka kutoka nje huoni picha moja. Unaona picha mbili zilizojumlishwa. Ya kwanza ni ya ndani ya duka: nguo, cherehani, sanamu la kuvalishia magauni. Ya pili ni ya mtaa ulio nyuma yako, ambao kioo kimeurudisha. Kioo cha kawaida kisichopakwa kitu, ukikitazama kutoka mbele moja kwa moja, hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga unaokigonga, yaani asilimia 4 kwa kila uso wake. Ni kiasi kidogo, lakini mtaa wa mchana una mwanga mwingi mno kuliko ndani ya duka, kwa hiyo hata sehemu hiyo ndogo inatosha kuonekana. Ndiyo maana mtaa unaonekana vizuri pale ambapo ndani kuna giza, na unapotea pale ambapo ndani kuna kitu cheupe. Mtu anayesafisha picha bila kujua kwamba anashika picha mbili atafanana na fundi anayekata kitambaa na bitana kwa mkasi mmoja bila kujua kwamba bitana ipo.

Sasa tuutazame uongo wa kubandika. Mtaa ulio kiooni una sheria zake, nazo hazijali haraka ya fundi. Nitataja tatu ambazo mtu yeyote anaweza kuzikagua kwa macho.

Sheria ya kwanza ni kugeuka. Maandishi ya mtaani yakionekana kiooni husomeka kinyume. Kile kioo cha kushoto kilikuwa sahihi: bango la duka la dawa lilikuwa limegeuka. Mimi nilipokigeuza tena ili kuficha wizi wangu, nililinyoosha bango likasomeka. Nilijishtaki mwenyewe. Magari pia yanatoa ushahidi. Uganda tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo ndani ya kioo teksi zetu huonekana kana kwamba zinafuata upande wa kulia, kama ilivyo Kigali, Bujumbura au Goma. Ukiona picha ya duka la Kampala ambayo teksi zilizo kiooni zinafuata upande wa kushoto, ujue mtaa ule umebandikwa.

Sheria ya pili ni mstari wa jicho. Kioo kikiwa kimesimama wima, kila kitu kilicho kwenye kimo cha kamera kitaonekana kiooni kwenye kimo hichohicho, kiwe karibu au mbali. Kamera ya siku ile ilikuwa kwenye mita 1.5 kutoka ardhini. Basi vichwa vya watu wazima waliosimama ng'ambo ya barabara lazima vielee karibu na mstari wa mita 1.5 katika vioo vyote vitatu. Ukikuta kioo kimoja ambacho watu wake wameshuka hadi kwenye ukingo wa chini wa fremu, picha yao ilitoka mahali pengine.

Sheria ya tatu ni ukubwa. Mtaa kiooni huonekana kana kwamba uko nyuma ya kioo, kwa umbali uleule ulio nao mbele ya kioo. Kamera ilikuwa mita 3 kutoka kwenye kioo, na watu wa ng'ambo walikuwa mita 9 kutoka kwenye kioo. Kwa kamera, watu hao wako mita 12. Kwa hiyo mtu wa mita 1.7 atachukua robo tu ya kimo chake juu ya kioo, yaani kama sentimita 42: sentimita 5 juu ya mstari wa jicho na sentimita 37 hivi chini yake. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Lakini nimeona picha iliyopachikwa mtaa wenye watu wakubwa kama wenye duka, kana kwamba wamesimama ndani wakiwa wamekanyaga vitambaa.

Kundi la pili la wapinzani wangu hukimbilia upande wa pili. Wanasema, kama mtaa unaleta taabu, ufute wote. Paka rangi ya giza, acha kioo kiwe safi. Nimejaribu pia. Matokeo ni dirisha lisilo na kioo kabisa. Katikati ya vioo viwili vinavyong'aa kwa maisha ya barabarani panakuwa na tundu jeusi, na mteja anakuuliza kama kioo kimeondolewa. Ufa ulikuwa aibu ndogo. Tundu ni aibu kubwa zaidi.

Basi tufanye nini? Jibu langu ni hili, na ndilo ninalotaka msomaji abaki nalo: ufa haukufuta mtaa. Umeusogeza tu. Kioo kinapopasuka kikabaki ndani ya fremu, kila kipande huegemea upande wake kidogo. Kipande kikiinama kwa nusu digrii, taswira yake hugeuka kwa digrii nzima, kwa sababu kioo huzidisha mwinamo mara mbili. Kwa ukuta ulio mita 9 mbele ya dirisha, digrii moja ni kama sentimita 16 za ukuta ule, na kwa kamera iliyo mita 3, hiyo huonekana kama sentimita 4 juu ya kioo. Ndiyo maana ukitazama kioo kilichopasuka unaona nguzo ya umeme imekatika kwenye kila ufa, kipande hiki kimeipeleka juu, kile kimeipeleka kando. Nguzo yote ipo. Kazi ya fundi ni kuirudisha, si kuleta nguzo ya kuazima.

Nilipoanza upya kazi ya Mama fundi niliiweka picha ndani ya programu ya GIMP, ambayo ni ya bure na inafaa mwanafunzi asiye na pesa. Nikachora mpaka kuzunguka kila kipande cha kioo kati ya ufa na ufa, nikakipa kila kimoja tabaka lake. Kisha nikatafuta mistari mirefu ya mtaa inayopita katika vipande vingi. Nilikuwa na mitatu: nguzo ya umeme, ukingo wa paa la duka la dawa, na mstari wa waya. Nikaanza na kipande kikubwa zaidi, ambacho mistari yake iliungana vizuri na ile ya vioo jirani, nikakiacha bila kukigusa. Hicho ndicho kilikuwa mzee wa ukoo. Vipande vingine vilifuata, kimoja baada ya kingine, kwa kusogezwa na kuzungushwa kidogo mpaka nguzo ikanyooka na paa likaungana.

Hapa kuna mtego ambao ulinipotezea jioni nzima, na sijamsikia fundi yeyote akiutaja. Ukisogeza kipande, unasogeza picha zote mbili, ya mtaa na ya ndani ya duka. Lakini ya ndani haikuwa imehama! Kioo chembamba kikiinama kidogo, vitu unavyoviona kupitia kwake hubaki palepale; kinachohama ni kile kinachorudishwa. Kwa hiyo nilipokuwa naunyoosha mtaa, gauni jeupe lililovalishwa sanamu lilikatika kiuno. Nilishangaa, nikafuta, nikarudia, gauni likakatika tena. Mwishowe nikaelewa. Palipokuwa na giza ndani ya duka, nilisogeza kipande bila hofu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha ndani cha kuvunjika. Palipokuwa na gauni jeupe, sikusogeza chochote, kwa sababu weupe wa gauni ulikuwa umeumeza mtaa na hakuna mstari wa mtaa uliohitaji kunyooshwa. Hapo niliziba mstari wa ufa tu. Kwa kila kipande ilibidi niulize kwanza: hapa, nani anaonekana zaidi, wa ndani au wa nje?

Kuziba mistari ya ufa nako kuna adabu yake. Ufa uko kwenye uso wa kioo, na mpiga picha alikuwa amelenga fremu ya dirisha, kwa hiyo ufa ulikuwa mkali kama wembe. Mtaa, ambao kwa kamera uko mbali zaidi, ulikuwa na ukungu kidogo. Chombo kiitwacho `Heal` kinafaa pale ufa unapopita kwenye ukuta mtupu au anga. Unapovuka ukingo wa kitu, kwa mfano nguzo, `Heal` huchanganya rangi za pande mbili na kuacha doa kama la mafuta. Hapo nilitumia `Clone`, nikichukua nguzo kutoka sentimita chache juu na kuiteremsha ikifuata mstari wake. Na usichukue kamwe kitu cha kwenye fremu au cha kwenye kibao cha duka ukakiweka kwenye mtaa, kwa maana ukali wake utaonekana.

Pakabaki lile pengo la pembe tatu. Hapa wapinzani wangu hutabasamu, wakidhani nimenaswa. Kipande kimeanguka, kwa hiyo mtaa wake haukurekodiwa na kamera. Si lazima sasa nikope kwenye kioo jirani? Hapana. Kioo jirani kinaonyesha sehemu nyingine ya mtaa, kwa sababu kiko mahali pengine mbele ya kamera. Nikikikopa, ninarudi kwenye mapacha wa mwavuli mwekundu.

Mtaa uliokosekana ulikuwa bado uko Wandegeya. Nilichohitaji ni kuutazama kutoka mahali sahihi. Fikiri hivi: taswira ya kiooni ni kile ambacho kamera ingekiona kama ingekuwa nyuma ya kioo, kwa umbali uleule, ikitazama nje. Kamera ilikuwa mita 3 nje ya kioo, kwenye kimo cha mita 1.5. Basi nafasi ninayoitafuta iko mita 3 ndani ya duka, kimo hichohicho, mkabala na pale mpiga picha aliposimama. Ukisimama hapo na kuchungulia nje kupitia lile pengo, unaona hasa ile sehemu ya mtaa ambayo kipande kilichoanguka kingeirudisha. Pengo lenyewe linakuonyesha kilichopotea.

Nilimpigia Mama fundi simu, nikamwomba ruhusa. Akasema, "Njoo tu, mwanangu, lakini usinikanyagie vitambaa." Nilikwenda siku iliyofuata, saa nne asubuhi, saa ileile ya picha ya kwanza, ili vivuli viangukie upande uleule. Sikuwa na kipimo, akanipa utepe wake wa kushonea. Utepe wa fundi nguo una sentimita 150. Mara mbili ni mita 3, mara moja ni kimo cha kamera. Nilisogeza meza ya kupigia pasi, nikaondoa plastiki iliyoziba pengo, nikapiga picha sita nikingoja barabara itulie. Kungoja huku si anasa. Ukichukua picha ambayo bodaboda inapita nyuma ya pengo, utapata gurudumu la nyuma lisilo na gurudumu la mbele, kwa sababu vipande vya jirani ni vya siku nyingine. Nilichagua picha ambayo pengo lilikuwa na ukuta, nusu ya dirisha la duka la dawa na kipande cha anga, vitu visivyotembea.

Nyumbani, hatua zilikuwa chache. Niliigeuza picha hiyo kwa `Layer > Transform > Flip Horizontally`, nikaipunguza mpaka ukingo wa dirisha la duka la dawa ukakutana na wenzake kwenye vipande vya kando. Kwenye pengo, ndani ya duka palikuwa panaonekana waziwazi, bila mtaa juu yake. Kwa hiyo sikuhitaji kuondoa kitu chochote, ila kuongeza tu. Niliweka tabaka la mtaa juu kwa hali ya `Screen`, ambayo huongeza mwanga bila kuficha kilicho chini, nikashusha nguvu yake taratibu hadi ukuta wa ndani ya pengo ukalingana na ukuta uleule kwenye kipande jirani. Mwisho nikaongeza ukungu kidogo kwa `Gaussian Blur` na chembechembe kidogo, kwa kuwa picha ya pili ilikuwa safi kuliko ya kwanza. Picha hiyohiyo ilinisaidia pia kuziba zile kingo nyembamba zilizobaki wazi baada ya kusogeza vipande.

Kabla ya kuikabidhi nilifanya ukaguzi wa aina mbili. Niligeuza picha nzima kushoto kwenda kulia, nikasoma mabango ya kiooni: yote yakasomeka, na jina la duka la Mama fundi likageuka. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Kisha nikachora mstari kwenye kimo cha jicho kupitia vioo vyote vitatu, nikatazama vichwa vya watu. Viliukaribia mstari wote. Yule mtoto alikuja tena. Alitazama muda mrefu, akasema, "Sasa iko vizuri," akaenda zake kunywa soda.

Bosi wangu husema kwamba nilitumia saa tano, pamoja na nauli, kwa kazi ya dakika kumi, na kwamba studio haiendeshwi kwa hesabu za namna hiyo. Ni kweli kuhusu saa. Lakini zile dakika kumi hazikumaliza kazi. Zilizaa kazi iliyorudishwa, mteja aliyetahayari mbele ya mwanawe, na mimi nisiye na jibu. Na kama ufa ni mmoja na hakuna pengo, njia yangu huchukua kama saa moja tu, kwa kuwa mtaa wote umo ndani ya picha. Kama kioo kimesambaratika kuwa chembe ndogo, kama vioo vya pembeni vya gari vinavyovunjika, njia yangu haifai. Vipande vyake havina mtaa wa kuunganishwa. Hapo mwambie mteja ukweli, subiri kioo kipya, piga picha upya.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo linalonifanya niandike kwa ukali. Wiki mbili baada ya kalenda ile, mtu mmoja mwenye hosteli ya wanafunzi alisikia sifa zangu. Alileta picha za vyumba. Vioo vinne vilikuwa vimepasuka, kimoja kimezibwa kwa boksi. Alitaka nivisafishe ili atangaze vyumba kabla ya muhula kuanza. Nikamuuliza, "Mzee, vioo vipya vinakuja lini?" Akacheka. Havikuwa vinakuja.

Mimi mwaka wa kwanza nililala katika chumba ambacho picha yake ilikuwa na dirisha zima na dirisha lenyewe lilikuwa na tundu. Mvua za Aprili zilinyesha juu ya godoro langu, na madaftari mawili yakaharibika. Kwa hiyo nilimrudishia mzee yule picha zake kwa heshima. Akanikumbusha kwamba nilimfanyia Mama fundi kazi hiyohiyo. Sikubali kwamba ni hiyohiyo. Kioo cha Mama fundi kilikuwa kimeshalipiwa, na kalenda ilipotoka, kioo kilikuwa kimeshawekwa. Picha ilitangulia ukweli kwa siku chache tu. Picha za hosteli zingekuwa badala ya vioo.

Wapo wenzangu darasani wanaosema kwamba nikikataa mimi, fundi mwingine atakubali. Ni kweli, na nina hakika alikubali. Lakini nimewafundisha wenzangu wa hosteli jinsi ya kumkamata. Kabla ya kulipa kodi kwa kutazama picha, tazama madirisha. Tafuta mti uleule mara mbili. Tafuta maandishi ya kiooni yanayosomeka. Tafuta kioo kimoja cheusi kati ya vinavyong'aa. Ukipata kimojawapo, nenda ukakiguse kioo kwa mkono wako kabla hujatoa hata shilingi moja.

Fundi wa dakika kumi anadhani anamdanganya mteja asiye na macho. Mwanafunzi wa darasa la pili amekwisha kumjibu.